Magunia ya korosho na zile siku saba za Colombo

Kila msimu wa korosho ukikaribia napigiwa simu hapa Mtwara, swali ni hilohilo, kontena la magunia ya jute kutoka Bangladesh linachukua siku ngapi? Mtu anataka namba moja tu. Mi huwa natoa mbili.

Mahesabu yangu mambo yakienda sawa: kutoka kiwandani mpaka kupakiwa bandari ya Chattogram siku 6, meli ndogo mpaka Colombo, Sri Lanka, 5, kusubiri meli kubwa Colombo 7, Colombo hadi Dar 12, kusubiri gati na kushusha 3, forodha na kutoa mzigo bandarini 5, lori hadi Mtwara 2. Jumla 40.

Sasa shida iko Colombo. Meli kubwa inapita mara moja kwa wiki, kwahiyo ukiikosa huchelewi siku mbili tatu, unachelewa saba nzima, na kama inayofuata imejaa ni saba zingine. Ndo maana sipendi kuongeza asilimia kumi juu ya jumla kama wengi wanavyofanya, siku nne hazifidii meli moja uliyoikosa. Mi naongeza meli moja, yaani 7, halafu siku 3 za barabara na bandari. Inakuwa 50.

Mteja mmoja alitaka magunia yafike tarehe 20 Septemba, akatoa mzigo kiwandani tarehe 11 Agosti, siku 40 kamili bila akiba. Tarehe 22 kontena likashushwa Colombo, meli yake ikaliacha, likaondoka tarehe 5 Septemba. Dar 17, likashushwa 20, likatoka bandarini 25, Mtwara tarehe 27. Huku kusini ghala bila magunia wiki nzima mkulima anasubiri na korosho zake chini, inaniuma mpaka leo. Kwa hesabu ya 50 mzigo ungetoka tarehe 1 Agosti.

Na ungeweza kuona mapema. Ukifuatilia kontena mtandaoni, likishasoma `Discharged` Colombo, yaani limeshushwa, usiiamini ile `ETA`, tarehe ya kukadiria ya kufika Dar, mpaka uone `Loaded`, yaani limepakiwa, na jina la meli ya pili. Pale mteja alikuwa anaangalia `ETA` tu, ambayo ilikaa vilevile siku kadhaa wakati meli ishaondoka.

Zile 5 za forodha zinapungua ukianza kabla meli haijafika, wakala aingize nyaraka kontena likiwa bado baharini, ushuru ulipwe mapema, hati ya shehena iwe imeachiwa na muuzaji. Hati ikichelewa huwezi kupata ruhusa ya kuchukua mzigo kwa kampuni ya meli, hata kama forodha wamemaliza, na siku za bure bandarini zinaisha.

Barabara ya Dar kuja Mtwara ni kama kilomita 560, siku 2 kiangazi zinatosha. Masika usiziamini, Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya barabara ilikatika upande wa Lindi magari yakalala njiani. Kwa mzigo wa miezi hiyo naweka siku 5 za lori badala ya 2.