Msimbo mraba katika picha: kinachoonekana kabla ya kuskani

Msimbo mraba, ambao madukani tumezoea kuuita QR, ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa vyumba vyeusi na vyeupe. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Swali la makala haya ni dogo: mtu akiletewa picha ya msimbo huo, naye hajauelekezea simu, macho yake yanaweza kumwambia nini?

Msimbo wa mistari ulio kwenye pakiti za bidhaa hautusumbui sana, kwa kuwa kwa kawaida hauna siri. Tarakimu 13 zilizochapwa chini yake ndizo zilezile zinazobebwa na mistari, na tarakimu 3 za mwanzo zikiwa 620 humaanisha kwamba namba hiyo ilitolewa kupitia GS1 ya Tanzania, tawi la shirika linalogawa namba za bidhaa. Hazithibitishi kwamba bidhaa yenyewe ilitengenezwa nchini, ingawa watu wengi huzisoma hivyo. Bei haimo katika mistari hiyo. Hutoka katika kompyuta ya duka.

Msimbo mraba hauna maandishi ya kusomeka chini yake, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mpwa wangu alinitumia picha kutoka duka moja la Ngamiani, Tanga, akiuliza: "Mjomba, shikamoo. Stika hii ya kulipia naona kama imebandikwa juu ya nyingine. Niiskani au niiache?" Nilimjibu aiache kwanza, nikaikuza picha.

Jambo la kwanza la kutazama ni macho, yaani miraba mitatu mikubwa ya pembeni. Pembe isiyo na jicho inapaswa kuwa ya chini kulia. Ikiwa iko chini kushoto, huenda picha imepinduliwa kama kwenye kioo au imezungushwa; maandishi mengine yaliyomo katika picha yataonyesha ni lipi. Macho hayabebi ujumbe wowote, bali huisaidia simu kuutambua msimbo na kujua umekaaje. Kwa sababu hiyo, mtu anayeziba jicho moja kwa kidole kabla ya kuposti picha ya tiketi yake hajaficha kitu: umbo la jicho ni lilelile katika kila msimbo, na yeyote anaweza kulichora upya.

Jambo la pili ni ukubwa, na huu hupatikana kwa kuhesabu. Katika safu inayopita kwenye ukingo wa chini wa macho mawili ya juu, kati ya jicho moja na jingine, kuna vyumba vyeusi na vyeupe vinavyopishana kimoja kimoja bila kukosea. Hesabu vyeusi tu, zidisha kwa 2, kisha ongeza 15; jibu ni idadi ya vyumba katika upande mmoja wa mraba. Katika picha ya mpwa wangu nilihesabu vyeusi 5, kwa hiyo upande ulikuwa na vyumba 25. Msimbo mdogo kabisa wa aina hii una 21 kila upande, na mkubwa kabisa una 177. Picha iliyobanwa mno na WhatsApp huifuta safu hiyo ikawa kijivu, na hapo hakuna hesabu ya kuaminika.

Jambo la tatu ni kiwango cha kujirekebisha. Chini ya jicho la juu kushoto, ukiruka safu moja nyeupe, tazama vyumba viwili vya kwanza kutoka ukingo wa kushoto. Vikiwa vyeusi vyote, msimbo unaweza kurekebisha takriban 7% ya data iliyoharibika. Cheusi kisha cheupe ni 15%. Cheupe kisha cheusi ni 25%. Vyeupe vyote ni 30%. Ndiyo maana nembo inaweza kubandikwa katikati ya msimbo na bado ukasomeka: kwa simu, nembo ile ni uharibifu unaovumilika tu. Yeyote anaweza kuichapa, hivyo isichukuliwe kuwa muhuri. Ukungu uliopakwa juu ya sehemu ndogo ya msimbo nao mara nyingi hauufichi.

Picha yetu ilikuwa na cheusi kisha cheupe. Msimbo wa vyumba 25 wenye kiwango hicho hauwezi kubeba zaidi ya herufi 26 za kawaida, au 38 zikiwa herufi kubwa na tarakimu peke yake. Sasa linganisha na msimbo wa malipo wa TANQR, utaratibu uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania. Maelezo kamili ya malipo huwa na namba ya mpokeaji, jina la duka, mji, sarafu, nchi na tarakimu za uhakiki mwishoni. Sarafu na nchi peke yake huandikwa hivi:

```
5303834
5802TZ
```

Katika mstari wa kwanza, 53 ni namba ya kipengele, 03 ni idadi ya tarakimu zinazofuata, na 834 ni shilingi ya Tanzania. Vipengele viwili tu vimekwisha kula nafasi 13. Ukiviweka vyote pamoja unafika kwenye herufi 90 hivi, na mara nyingi zaidi. Kwa hiyo msimbo wa mpwa wangu haukuwa na maelezo kamili ya malipo; haukuwa na nafasi ya kuyabeba. Ulichoweza kubeba ni kitu kifupi, kwa mfano anwani fupi ya tovuti.

Hapo ndipo macho ya mtazamaji yanapokomea, na ni lazima tuwe waangalifu tusiyabebeshe yasiyoyaweza. Kwamba msimbo ni mfupi hakuthibitishi wizi, kwa maana mwenye duka anaweza kubandika anwani ya ukurasa wake. Kinyume chake, tapeli anayechapa msimbo wa malipo wenye vyumba 41 na namba yake mwenyewe ndani hatagunduliwa kwa kuhesabu. Ukiwa na picha ya stika ya asili unaweza kulinganisha: vyumba vyote vikifanana, ujumbe ni uleule. Vikitofautiana huwezi kukata shauri, kwa sababu ujumbe mmoja unaweza kuchapwa kwa mpangilio wa vyumba zaidi ya mmoja. Na ikiwa ndani mna anwani, mwenye anwani hiyo anaweza kubadilisha kinachofunguka bila chumba hata kimoja kubadilika kwenye karatasi.

Kilichobaki katika picha ile kilikuwa ni karatasi yenyewe. Pembeni mwa stika ilichungulia kona ya stika ya chini, na lipa namba ya duka ilikuwa bado inasomeka chini ya mraba. Namba ile ilikuwa ya stika ya zamani, haikuuhusu mraba uliowekwa juu yake. Nilimwambia mpwa wangu amwonyeshe mwenye duka stika hiyo, kisha aiingize lipa namba kwa mkono na asome jina linalotokea kabla ya kuandika namba yake ya siri. Jina lilikuwa la duka, akalipa. Stika ya juu ikabanduliwa bila kuskaniwa.