Sheya 210, mauzo 4: ishara ipi ya tangazo la kulipia inamtabiri mnunuzi?

Miezi ya karibuni dawati letu la malalamiko ya matangazo limekuwa likipokea barua zinazofanana hadi aya. Mfanyabiashara amelipia tangazo mtandaoni, watu wamelipenda, wamelisambaza, komenti zimejaa, na dukani hakuna kilichotoka. Barua hufunga kwa sentensi moja: wakala ametudanganya.

Wapo mawakala waliodanganya, na hao tunao utaratibu wao. Lakini tukiweka mkataba na ripoti mezani, mara nyingi tunakuta wakala ametoa kile kile alichoagizwa. Mkataba ulisema “kuongeza mwitikio”. Mwitikio umeongezeka. Malalamiko ya aina hii hatuwezi kuyaendeleza, na tungependa watu waache kutuletea bila kwanza kufungua ripoti na kusoma mstari wa lengo la kampeni.

Lengo si jina tu la kupanga kampeni. Kwenye Ads Manager ya Meta, kwa mfano, ukichagua Engagement, yaani mwitikio, mfumo unaweza kukutafutia watu wanaoelekea zaidi kulaiki, kukomenti au kusheya. Ukichagua Sales na kuelekeza utafutaji kwenye tukio la Purchase, unatafuta wanaoelekea kununua. Katika mnada wa nafasi za matangazo, mfumo hukadiria uwezekano wa kila mtu kufanya kitendo ulichoomba, na makadirio hayo ni sehemu ya kinachoamua nani aonyeshwe. Kuna watu ambao kukomenti ni tabia yao ya kila siku, wawe na fedha mfukoni au wasiwe nazo. Ukiomba komenti, utapelekewa hao. Kwa hiyo kampeni ya Engagement haiwezi kutumika hata kidogo kupima kama sheya zinaleta mauzo, kwa sababu watazamaji wake wamechujwa tangu mlangoni.

Tuseme basi lengo lilikuwa sahihi. Swali linabaki: kati ya sheya, kuhifadhi na komenti, kipi kinaashiria mauzo? Nitatumia mfano unaofanana na mafaili tunayoyapokea, ila tarakimu nimezipanga ziwe rahisi kufuata. Muuzaji wa mikoba ya kompyuta aliendesha matangazo mawili chini ya lengo la Sales, kwa bajeti sawa, na kila moja likaonyeshwa mara 60,000. La kwanza lilikuwa video ya kuchekesha ya mtu anayepambana na mkoba uliochanika. La pili lilikuwa picha tulivu ya mkoba uliofunguliwa, vipimo vyake vikionekana na bei ikiwa imeandikwa.

Video ilipata sheya 210, ikahifadhiwa mara 30 na kupata komenti 140. Picha ilipata sheya 12, ikahifadhiwa mara 95 na kupata komenti 35. Yeyote angesema video imeshinda, na muuzaji alisema hivyo, akahamishia bajeti yote huko. Lakini video ilikuwa imeuza mikoba 4, na picha 21.

Kabla ya kubishana kuhusu sababu, mtu aulize kama tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati. Hapa ndipo wengi wanapotuchosha: wanaleta mauzo 4 dhidi ya 7 na kudai tangazo moja ni bora karibu mara mbili. Matangazo yakiwa yameonyeshwa idadi sawa, kipimo cha haraka ni hiki. Jumlisha mauzo ya yote mawili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha kizidishe kwa 2. Tofauti ikizidi hapo, ichukulie kwa uzito. Kwa 4 na 21, jumla ni 25, kipeuo chake ni 5, mara mbili ni 10, na tofauti ni 17. Inatosha. Kwa 4 na 7, jumla ni 11, kipeuo ni kama 3.3, mara mbili ni 6.6, na tofauti ni 3 tu. Hapo huna ushahidi wa lolote, endelea kukusanya.

Sasa twende hatua kwa hatua, maana jibu limelala njiani kati ya kuona na kulipa. Video ilibofywa kiungo mara 420, lakini ni mara 260 tu ukurasa wa bidhaa ulipofunguka. Picha ilibofywa mara 510, na ukurasa ukafunguka mara 430. Wa video wengi walibofya wakakata tamaa kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, jambo ambalo mtu mwenye nia ya kununua halifanyi kirahisi. Waliotia mkoba kikapuni, yaani tukio la AddToCart, walikuwa 14 upande wa video na 52 upande wa picha. Angalia vizuri: kuanzia ukurasa kufunguka, kila namba iliegemea upande wa mauzo. Sheya ilielekea upande mwingine kabisa.

Haishangazi. Anayesheya video ya kuchekesha anampa rafiki kicheko, hampi mkoba. Anayehifadhi picha yenye vipimo anajiwekea kitu cha kurudia, labda akapime kompyuta yake kwanza. Na anayetia kikapuni yumo tayari kwenye njia ya malipo. Kadiri kitendo kinavyokuwa karibu na malipo, na kadiri kinavyomgharimu mtu juhudi kwa ajili yake mwenyewe, ndivyo kinavyoelekea kutabiri vizuri zaidi. Kuhifadhi kuna maana kwa bidhaa inayofikiriwa kwa siku kadhaa. Kwa kitu kinachonunuliwa papo hapo, mnunuzi hahitaji kuhifadhi, kwa hiyo idadi hiyo inaweza kuwa ndogo na mauzo yakawa mazuri.

Komenti ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu watu huzihesabu badala ya kuzisoma. Katika zile 140 za video, 96 zilikuwa za kutaja majina ya marafiki, 31 za kicheko, 9 za kuuliza bei na 4 tu zilihusu mkoba wenyewe. Katika zile 35 za picha, 19 ziliuliza mzigo unachukua siku ngapi kufika, 11 ziliuliza kama kompyuta ya ukubwa fulani inaingia, na 5 zilikuwa shukrani na lawama mchanganyiko. Swali la siku za kufika huulizwa na mtu aliyekwisha kujiona ameubeba. Lakini maswali 9 ya bei chini ya video msiyaite nia ya kununua moja kwa moja: huenda yanasema tu kwamba bei haikuandikwa. Mtu akiificha bei ili komenti ziongezeke, ameongeza komenti kweli, na kazi ya kuzijibu pia. Tena, machapisho ya “andika NDIYO hapa chini” au “mtaje rafiki” Facebook ilitangaza Desemba 2017 kwamba itayashusha kwenye mlisho.

Mfano mmoja hautoshi kuwa kanuni. Baada ya kusoma hadi hapa kuna atakayekwenda kufukuzia kuhifadhiwa tu, na tutakutana naye dawatini mwakani. Pima kwenye matangazo yako mwenyewe. Unahitaji matangazo kama 24 yenye lengo moja, na usichanganye yale ya wageni na yale ya watu waliokwisha kutembelea duka lako, kwa sababu hao wa pili hukomenti zaidi na kununua zaidi kwa sababu ile ile moja: wanakujua tayari. Ukiwachanganya, komenti zitaonekana zinauza.

Chukua ishara za siku 3 za kwanza za kila tangazo, uzigawe kwa maonyesho ya siku hizo na kuzidisha kwa 1,000. Kisha chukua mauzo ya siku ya 4 hadi ya 14, nayo kwa kila maonyesho 1,000. Kutenganisha siku ni lazima. Ukilinganisha vitu vya siku zile zile unapata vinavyotembea pamoja, hujapata kinachotangulia. Zipange zote kwa nafasi, halafu linganisha nafasi. Kama ishara iko safu ya D, mauzo safu ya E, na nafasi zake safu za F na G:

```
F2: =RANK.AVG(D2,D$2:D$25)
G2: =RANK.AVG(E2,E$2:E$25)
H1: =CORREL(F2:F25,G2:G25)
```

Fomula za F2 na G2 zivute hadi mstari wa 25. Jibu karibu na 1 lina maana ishara hiyo ilitangulia mauzo vizuri; karibu na 0, haikusema kitu. Kwa matangazo 24, chini ya 0.4 usijengee hoja. Rudia kwa sheya, kuhifadhi, AddToCart na komenti za maswali pekee.

Kipimo hiki kina upofu wake, na ni haki kuusema. Kinalinganisha matangazo, hakilinganishi watu. Hakionyeshi kwamba aliyehifadhi ndiye aliyenunua. Mwaka 2012 Facebook, kwa takwimu za kampuni ya Datalogix, ilieleza kwamba asilimia 99 ya mauzo yaliyotokana na matangazo ya chapa iliyoyapima yalitoka kwa watu walioona tangazo bila kuligusa. Yalikuwa matangazo ya chapa, si ya duka la mtandaoni, kwa hiyo msiihamishe namba hiyo ovyo. Sheya nayo inaweza kuonewa: aliyetumiwa tangazo na rafiki, akaja kununua bila kubofya tangazo la kulipia, ripoti inaweza isimhesabie tangazo. Anayeshuku hivyo afanye jaribio la kundi lililozuiliwa kuona tangazo, alinganishe mauzo ya makundi mawili.

Kwa wanaokusudia kuwasilisha malalamiko: ambatisha mkataba, pamoja na faili la ripoti lililopakuliwa kwa kila tangazo na kwa kila siku. Picha za skrini hatupokei. Safu ya lengo ionekane, na mpangilio wa kuhesabu mauzo uonekane pia, maana siku 7 baada ya kubofya na siku 1 baada ya kuona havitoi namba sawa na siku 1 baada ya kubofya. Ambatisha orodha ya oda kutoka kwenye daftari lako, yenye tarehe na saa, majina na simu za wateja zikiwa zimefutwa. Faili lenye taarifa za wateja linarudishwa siku hiyo hiyo bila kusomwa. Likirudi mara ya pili na kasoro ile ile, shauri linafungwa na utaanza upya na namba mpya. Ripoti iliyobadilishwa tarakimu hufunga shauri moja kwa moja, hata kama wakala alikuwa na kosa.