Rafu moja inabeba pakiti ngapi?

Watu wengi wakiulizwa rafu inabeba pakiti ngapi huchukua ujazo wa rafu, wakaugawa kwa ujazo wa pakiti. Hesabu hiyo inafaa maji, haifai maboksi. Pakiti haikatwi nusu ili kuziba upenyo uliobaki pembeni, kwa hiyo kila upande wa rafu unagawanywa peke yake, sehemu inayobaki inatupwa, kisha namba tatu zinazopatikana ndizo zinazidishwa.

Tuseme rafu yako ina upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 40, na kutoka ubao wa chini hadi ubao wa juu yake kuna sentimita 35. Unataka kupanga majani ya chai ya boksi gumu, lenye upana wa sentimita 8, unene wa 6 na kimo cha 15. Kwa upana, 90 kwa 8 ni 11 na kidogo: andika 11. Kwa kina, 40 kwa 6 ni 6 na ushei: andika 6. Kwa kimo, 35 kwa 15 ni 2 na kitu: andika 2. Zidisha 11 kwa 6 kwa 2, unapata pakiti 132. Yule wa ujazo angekuambia 175, nawe ungeagiza pakiti 43 zisizo na pa kukaa.

Kimo kina sharti lake. Mteja anahitaji nafasi ya kupitisha vidole juu ya pakiti ili aivute, kwa hiyo mimi hupunguza sentimita 3 kabla ya kugawanya. Kwenye jedwali la kompyuta kama Excel fomula inakuwa hivi, na INT ndiyo inayotupa sehemu inayobaki:

```
=INT(90/8)*INT(40/6)*INT((35-3)/15)
```

Hapa jibu halibadiliki, ni 132 vilevile. Lakini pakiti ingekuwa na kimo cha sentimita 17, bila kupunguza zingepandana mbili na bado sentimita moja ingebaki juu, huku mkono wa mteja haupiti.

Upana nao una ujanja wake. Pakiti 11 za sentimita 8 zinakula 88, zinabaki 2 tu. Boksi likivimba milimita 2, jambo la kawaida kwa bidhaa iliyosukumwasukumwa kwenye katoni, ya 11 haiingii tena, na rafu inashuka hadi 120. Ndiyo maana ni bora kupima pakiti kumi zilizosimama bega kwa bega kuliko kupima moja na kuamini. Unga wa mfuko wa karatasi ni mgumu zaidi kuukadiria, maana hutanuka chini na hauvumilii kupandanishwa juu sana.

Sasa tuje kwenye nyuso. Uso ni pakiti moja ya mstari wa mbele inayomtazama mteja, tukihesabu kwa upana tu. Ukiihesabu pamoja na zilizo nyuma yake ni foleni ya pakiti sita, na juu yake kuna foleni nyingine kama hiyo. Kwa hiyo kwenye rafu hii uso mmoja una pakiti 12, na ukiamua kuipa chai hii nyuso 4 umeipa nafasi ya pakiti 48. Upana mwingine unaachiwa bidhaa nyingine.

Idadi ya nyuso haitokani na kubahatisha. Ikiwa chai hii inauzwa pakiti 9 kwa siku na gari la mzigo linakuja mara moja kwa wiki, unahitaji 63 rafuni. Gawa kwa 12, upate 5 na robo, na hapa unapandisha, hushushi: nyuso 6, pakiti 72, sentimita 48 za upana.

Kuna anayegundua kwamba akiigeuza pakiti ubavu, upana unakuwa 6 na kina 8, rafu nzima inabeba 15 kwa 5 kwa 2, yaani 150. Ni kweli, ila mteja anaona ubavu wenye maandishi madogo badala ya jina la chai. Mimi ningefanya hivyo stoo tu.

Katoni ikiwa na pakiti 24, nyuso 6 zinafanya kujaza kuwe rahisi. Mstari mmoja unaokwenda kutoka uso wa kwanza hadi wa sita, na ule ulio juu yake, una pakiti 12. Vuta zilizobaki zije mbele. Mistari miwili ya nyuma ikiwa wazi, katoni nzima inaingia bila kubaki pakiti mkononi. Weka alama ya utepe kwenye ubao, sentimita 24 kutoka ukingo wa mbele: pakiti zikiishia kwenye utepe, fungua katoni. Ila hizo mpya zitie nyuma, za zamani zibaki mbele.