Tangi la juu litajaa saa ngapi? Pima kwa ndoo, lakini pima palepale maji yanapoingilia

Kwenye kazi yangu ya mabomba hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa sana na wenye nyumba ni hili: "Fundi, maji yakija usiku, tangi langu litajaa kwa muda gani?" Hesabu yenyewe ni rahisi. Unahitaji ndoo na saa ya simu tu. Kinachowaangusha watu ni mahali wanapopimia. Wengi hupima kwenye koki ya uani, halafu wanategemea jibu hilo kwa tangi lililo juu ya mnara. Asubuhi wanakuta tangi limefika nusu, na lawama zote zinamwangukia fundi au floti.

Nianze na ndoo, maana ikikosewa hapo kila kinachofuata kimekosewa. Ndoo inayoitwa ya lita 20 haiwi na lita 20 ikijaa hadi mdomoni. Nyingi hubeba zaidi ya hapo. Chukua chupa ya maji ya lita moja, jaza ndoo chupa kwa chupa hadi zitimie 20, kisha piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale maji yalipofika. Kama dukani kwa jirani kuna mizani, ni rahisi zaidi: kilo 20 za maji, ukishatoa uzito wa ndoo tupu, ni lita 20. Mstari huo ndio kipimo chako.

Halafu fungua koki yote na uache maji yaende kwanza. Maji yakitoka kurudi baada ya mgao, bomba linakuwa limejaa hewa, na utasikia likikoroma na kutema. Usipime wakati huo. Subiri hadi maji yatoke mfululizo, kisha sukuma ndoo chini ya maji na ubonyeze saa kwa wakati mmoja. Usianze kwa kufungua koki ukiwa na ndoo tayari chini, kwa sababu zile sekunde za kuzungusha koki zitaingia kwenye hesabu. Kidole kikichelewa sekunde moja kwenye ndoo inayojaa kwa sekunde 10, umekosea kwa asilimia 10. Kwenye ndoo inayojaa kwa dakika moja, kosa hilohilo halifiki asilimia 2. Kwa hiyo maji yakiwa makali, tafuta chombo kikubwa. Pima mara tatu. Majibu mawili yakikaribiana na moja likaenda mbali, rudia, huenda kuna mtu ndani amefungua bomba la bafuni.

Hesabu ni hii:

```
dakika = (lita za tangi × sekunde za ndoo) ÷ (lita za ndoo × 60)
```

Sasa tuichukue nyumba moja ya Kimara niliyoifanyia kazi, kwenye mteremko, ambako maji huja usiku tu. Mama mwenye nyumba ana tangi la lita 2000 juu ya mnara wa zege. Kwake maji yalikuwa yakija saa nne usiku na kukatika kama saa kumi alfajiri. Alikuwa amepima mwenyewe, na alipima vizuri: saa sita usiku, koki ya uani, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 75. Hiyo ni lita 16 kwa dakika. Lita 2000 ukigawa kwa 16 unapata dakika 125, yaani saa mbili na dakika tano. Kwa hesabu hiyo, tangi lingejaa kabla ya saa saba usiku na angelala kwa amani. Lakini kila alipoamka saa saba kuchungulia, tangi lilikuwa halijakaribia kujaa.

"Fundi, floti imeziba," aliniambia. "Maji bombani ni mengi, ila hayapandi."

Floti haikuwa imeziba. Nilipanda na ndoo ndogo ya lita 10, kwa sababu kilo 20 za maji juu ya ngazi usiku ni kutafuta kuvunjika. Nikaufungua mdomo wa tangi, nikakinga palepale maji yanapoingilia. Saa sita usiku ileile, lita 10 zilichukua sekunde 60. Lita 10 kwa dakika, si 16.

Sababu ni kimo. Kutoka koki ya uani hadi mdomo wa bomba pale juu kulikuwa na mita nne na nusu. Presha ya maji tunaweza kuipima kwa kimo: presha ya mita saba ni ile inayoweza kuyasimamisha maji kwenye bomba hadi mita saba juu. Kila mita unayopanda, unakula mita moja ya presha hiyo. Kinachobaki ndicho kinachoyasukuma maji yatoke. Na maji hayapungui sawasawa na presha: presha inayobaki ikiwa robo, maji yanakuwa kama nusu. Pale uani nikikadiria kwa vipimo vile viwili, presha ilikuwa kama mita saba na kidogo. Ukitoa nne na nusu za kupanda, zinabaki karibu tatu. Ndiyo maana 16 ikawa 10.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya maelezo tu. Nusu ya pili ni saa. Saa nne usiku maji yakifunguliwa, mtaa mzima unajaza kwa pamoja, na presha iko chini. Kadiri matangi ya majirani yanavyojaa na floti zao kufunga, presha inapanda. Nilipopima mapema, kabla ya saa tano, ndoo ya uani ilichukua sekunde 87, karibu lita 14 kwa dakika. Mtu wa kawaida angesema maji ni yaleyale. Juu, wakati uleule, ndoo ya lita 10 ilichukua sekunde 100. Lita 6 tu kwa dakika.

Hapo ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Chini, maji yalipungua kutoka 16 hadi karibu 14, tofauti ambayo jicho haliioni. Juu yalipungua kutoka 10 hadi 6. Ni presha ileile iliyoshuka, mita mbili hivi, lakini aliye chini alikuwa na mita saba za kupunguza, aliye juu alikuwa na tatu. Presha ikishuka mita moja zaidi ya hapo, juu hayafiki kabisa, huku koki ya uani ikiendelea kutoa lita 12 kwa dakika. Ndiyo ile hali kila mtu wa mabondeni na milimani anaijua: unafua nguo uani huku tangi limekauka.

Kwa hiyo hesabu ya tangi lile inafanywa vipande vipande. Kuanzia saa nne hadi saa sita, lita 6 kwa dakika kwa dakika 120 ni lita 720. Zinabaki 1280. Kuanzia saa sita, kwa lita 10 kwa dakika, hizo zinahitaji dakika 128. Tangi linajaa saa nane na dakika nane usiku, na hiyo ni kama lilikuwa tupu na hakuna mtu anayeoga. Yule mama alitarajia lijae kwa muda wa saa mbili. Muda wa kweli ulikuwa zaidi ya saa nne.

Watu wengine hukwepa kupanda kwa kufunga mpira kwenye bomba la tangi, wanaupitisha juu ya mnara, kisha wanaurudisha chini kwenye ndoo, wakidhani wamepima kimo. Hawajakipima. Mpira ukishajaa, maji yanayoshuka upande wa pili yanayavuta yale yanayopanda, na kinachohesabika ni kimo cha mdomo wa mpira pale kwenye ndoo. Utapata jibu la chini lilelile. Mdomo wa mpira na ndoo lazima viwe juu, kwenye kimo cha floti.

Usipoweza kukinga maji juu, kuna njia nyingine ambayo mimi naiamini sana: pima jinsi maji yanavyopanda ndani ya tangi. Zungusha futi kwenye tumbo la tangi la duara. Lile la Kimara lilikuwa na sentimita 408 kuzunguka, yaani kipenyo cha sentimita 130. Kila sentimita moja ya maji kwenye tangi kama hilo ni lita 13 na kidogo. Tumbukiza fimbo kavu, soma mstari wa maji, subiri dakika 30, soma tena. Nilipofanya hivyo baada ya saa sita, maji yalipanda sentimita 22 na nusu. Mara 13.3 ni lita 299 kwa nusu saa, karibu lita 10 kwa dakika. Imekubaliana na ndoo. Angalia tu usipime wakati maji yamekaribia juu, kwa sababu floti huanza kubana kabla tangi halijajaa, na hizo sentimita za mwisho huenda polepole sana.

Tulifanya nini Kimara? Tuliweka tangi la lita 1000 chini, floti yake ikiwa chini ya mita moja juu ya koki ya uani, na pampu ndogo ya kupandisha. Pale chini maji yaliingia lita 13 kwa dakika mwanzoni na 15 baada ya saa sita. Kwa kasi hiyo lita 1560 zinakuwa zimeshaingia ikifika saa sita, na 2000 zinatimia kabla ya saa sita na nusu, badala ya saa nane. Usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inanyonya hewa na uchafu kwenye viungo vinavyovuja, na inawanyang'anya majirani.

Pampu nayo niliipima kwa ndoo, juu: lita 20 kwa sekunde 40, yaani lita 30 kwa dakika. Inatoa mara mbili ya kinachoingia. Tangi la chini likiwa limejaa, linapungua lita 15 kila dakika, na baada ya saa moja na dakika saba hivi pampu inavuta hewa na kuungua. Kwa hiyo ndani ya tangi la chini tulining'iniza swichi ya boya inayoizima pampu maji yakibaki sentimita 30, na kuiwasha tena yakipanda hadi nusu.