Saa za London kwenye barua pepe ya kazini

"London iko nyuma yetu hapa Nairobi kwa saa tatu, kwa hiyo ongeza tatu tu."

Ni kweli, lakini si mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba, London husogeza saa mbele na tofauti hubaki saa mbili. Nairobi haibadiliki. Kwa hiyo makataa ya Ijumaa, 10 Julai 2026, 17:00 saa za London, ukimwandikia mwenzako "saa 2 usiku", atachelewa saa nzima. Mwandikie: "saa 1 jioni (19:00), saa za Nairobi", pamoja na siku na tarehe. Kuhakiki, weka miadi kwenye kalenda ya simu kwa tarehe hiyohiyo, ukichagua saa za London. Tofauti ya leo isikutoshe.