Safaricom kwa shilingi 13: wawili wanatazama hisa moja

Mwishoni mwa 2023 hisa ya Safaricom ilikuwa inauzwa kati ya shilingi 12 na 14 pale Nairobi. Agosti 2021 ilikaribia 45. Wateja wangu walikuwa na swali moja tu: ninunue sasa au bado?

Anayefuata uchambuzi wa kimsingi hufungua hesabu za kampuni kwanza. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, faida ilikuwa shilingi 1.71 kwa kila hisa. Gawanya 45 kwa 1.71: mnunuzi wa Agosti alilipa faida ya miaka 26. Kufikia Machi 2023 faida ilikuwa imeshuka hadi takriban 1.55, kwa kuwa Ethiopia, ambako huduma zilizinduliwa Oktoba 2022, ilikuwa bado inameza fedha. Lakini kwa bei ya 13, unalipa faida ya miaka minane na kidogo, na gawio la shilingi 1.20 linakupa zaidi ya asilimia 9. Kwake hiyo ni bei nafuu.

Shida ni kwamba hata kwa shilingi 20 ilionekana nafuu. Walionunua hapo waliitazama ikiporomoka hadi 12, na kila iliposhuka hesabu zao ziliwaambia imezidi kuwa nafuu. Tena hati za muda mfupi za serikali zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo wenye fedha hawakuwa na haraka ya kuja kwenye hisa. Swali la maana kwake ni hili: hasara ya Ethiopia itapungua lini?

Msoma chati hana habari na Ethiopia. Huchora wastani wa bei za kufunga za siku 200. Tangu bei ilipovunja mstari huo na kuzama chini yake, jibu lake lilikuwa: usiguse. Alikuwa nje kabla bei haijafika 30. Katika nusu ya kwanza ya 2024 bei ilipanda tena juu ya mstari, naye akanunua karibu na 16, ghali kuliko mwenzake wa 13. Hilo halimsumbui, maana kabla ya kununua ameshaamua atauza wapi: bei ikirudi chini ya mstari, anatoka, hata kwa hasara ndogo. Mara nyingi hutoka hivyo, na soko likiyumba huku na huku, ada za dalali humla taratibu.

Mimi huchagua kwa hesabu na kusubiri chati inipe siku. Ila njia hii naitumia kwa hisa zinazouzwa kwa wingi kila siku kama hii. Kuna hisa Nairobi na Dar es Salaam zinazopitisha siku nzima bila mauzo, na mtu mmoja akiuza hisa 200 chati inachora mteremko. Hapo mstari ninaouona ni shida ya muuzaji mmoja, nami huifunga chati.