Bosi mtu mzima, meseji yako ianzeje?

Kazi yangu ni kuhariri barua za maofisini na kufundisha vijana wapya kuziandika, hapa Tanzania, na kitu ninachokutana nacho kila wiki ni hiki: kijana anajua heshima iko kwenye majina, kwa hiyo anamwaga mzee, mkuu, kiongozi, halafu akifika kwenye ombi lenyewe anatoa amri bila kujua.

Cheki hii, meseji ya watsapu ya mtu kwenda kwa mkuu wa idara yake ambaye bado kidogo tu astaafu:

"Shikamoo mzee wangu, heshima yako mkuu, samahani sana kwa usumbufu mzee najua majukumu ni mengi, nilikuwa na kashida kadogo tu mzee, nisainie fomu yangu ya likizo."

Unaona ilipoharibika? Mwishoni kabisa. "Nisainie" ni amri, ndo unavyomwambia mdogo wako alete chumvi. Heshima zote zile za mwanzo zimemwandaa mzee asikie ombi, akakutana na agizo. Na bado hajui fomu iko wapi wala inatakiwa lini, yaani itabidi aulize, sasa hapo nani anamsumbua nani.

Kiswahili hakina ile "wewe" ya heshima ya kumwambia mtu mmoja, bosi ni wewe na mhudumu wa chai ni wewe, ndo maana kazi kubwa inafanywa na kitenzi. "Nisainie" ukiitanguliza "naomba" na ukaweka u- ya mtendaji inakuwa "naomba unisainie", na hiyo inatosha kwa asilimia kubwa ya mambo ya ofisini. Ukitaka kushuka zaidi unamtoa kabisa mtendaji, "naomba fomu yangu isainiwe", ila hii angalia, kama kuna watu wawili wa kusaini kila mmoja atadhani ni mwenzake. "Nilikuwa naomba" nayo ni laini, inafaa kwenye jambo ambalo anaweza kukataa, mfano ruhusa ya ghafla. "Unaweza kunisainia?" mimi naikwepa kwa watu wazima, wapo watakaokujibu "naweza" na ikaishia hapo, na watakuwa hawajakosea.

Ile meseji mimi ningeiandika hivi:

"Shikamoo mzee. Naomba unisainie fomu yangu ya likizo, nimeiacha kwa sekretari leo asubuhi. Watu wa utumishi wanapokea mwisho Ijumaa saa 9 alasiri. Asante sana."

Mzee mmoja, shikamoo moja, naomba moja. Tarehe na mahali vimeandikwa kikavu kabisa, kwa sababu taarifa haina adabu wala utovu wa adabu, ukiipamba inapotea tu.

Kuna wengine wanatoka kwenye lugha za nyumbani ambazo mtu mzima anaongeleshwa kwa wingi, basi wanamwandikia bosi "mlisema mtanipa majibu leo". Uso kwa uso ataelewa, kwenye maandishi atajiuliza yeye na nani. Na "mheshimiwa" waachie wabunge, mawaziri na mahakimu, ukimpa mhasibu mkuu anaweza kuona unamkejeli. Bosi mwanamke ndo pagumu zaidi kusema kweli, "dada" inamshusha, "mama" wengine wanaipenda na wengine wanaona umewazeesha, sikiliza wenzako wa siku nyingi pale ofisini wanamwitaje ufuate hivyo hivyo. Kenya bara shikamoo ya ofisini si kawaida sana, "habari za asubuhi" na Bwana au Bi vinatosha, lakini ukishuka Mombasa mtu wa umri ule mpe shikamoo yake.

Akikaa kimya siku mbili usiandike "mbona hujanijibu". Hapo anzia kwenye jambo, sio kwake: "Shikamoo mzee, naomba kukumbushia ile fomu ya likizo, mwisho ni kesho." Kukumbushia kunagusa fomu, kukukumbusha kunagusa mzee mwenyewe aliyesahau.

Sasa ombi lile lile likiwa barua rasmi, shikamoo itoe kabisa, hata kama asubuhi umempa. Barua yenye kumbukumbu namba inaingia kwenye faili na miaka mitatu baadaye atakayeisoma anaweza kuwa mdogo kuliko wewe. Unaandikia cheo, "Mkuu wa Idara", sio mzee fulani, kama ni ya mkurugenzi unaipitisha kwa bosi wako kwa kuandika "kupitia kwa", na kumruka pale kunamuuma kuliko kukosa shikamoo. Chini ya "Yah: Ombi la likizo ya mwaka" unaingia moja kwa moja, "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu", unaeleza siku na tarehe, unafunga na "Naomba kuwasilisha", sahihi, jina, cheo chako.